Imamu aliyesoma "Maliki": visomo vya Kurani na aya ya udhu

*Asalaam alaykum Sheikh. Wiki iliyopita hapa kwetu Tanga tulisali Magharibi nyuma ya mgeni kutoka Sudan. Kwenye Fatiha akasoma "Maliki yaumi d-dini", "ma" fupi, rakaa zote mbili. Wazee wawili wakamsahihisha kwa sauti, hakubadilisha. Baada ya sala pakawa na maneno mengi. Je, alikosea? Kama Kurani ni moja, hivi visomo vimetoka wapi? Na vinagusa maana mpaka hukumu, au ni matamshi tu?*

Waalaykumu s-salaam warahmatullah, ndugu yangu. Mgeni wenu hakukosea, na sala yenu ni sahihi. Watu wengi wa Sudan husoma kwa riwaya ya Ad-Duri kutoka kwa Abu Amri wa Basra, na Abu Amri husoma "Maliki" kwa kufupisha. Sisi misahafu tuliyolelewa nayo ni ya riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim wa Kufa, na Asim hurefusha, "Maaliki". Katika wale wasomaji saba mashuhuri, wanaorefusha hapo ni wawili tu, Asim na Al-Kisai. Nafii wa Madina, Ibn Kathir wa Makka, Abu Amri wa Basra, Ibn Amir wa Sham na Hamza wa Kufa wote hufupisha. Kwa hiyo mgeni alikuwa upande wa walio wengi. Hata Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani, alijifunza Kurani Makka kwa Ismail bin Kustantini, na silsila ile ni ya Ibn Kathir, anayesoma "Maliki".

Wazee siwalaumu. Mtu aliyeisoma Fatiha kwa namna moja tangu utotoni akisikia irabu imefupishwa lazima moyo umshtuke, na mshtuko huo unatokana na kuiheshimu Kurani. Walichokosa ni habari tu, na habari hiyo nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu maswali yako mawili ya mwisho ni mazito kuliko la kwanza.

Tuanze na asili ya visomo. Maelezo utakayokutana nayo mara nyingi ni haya: msahafu wa Sayyidna Uthman uliandikwa bila nukta na bila irabu, basi neno moja likaweza kusomwa hivi au vile, na kila mji ukasoma ulivyoona. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwandiko wa wakati ule ulikuwa ni mifupa ya herufi tu. Ba, ta, tha na nun katikati ya neno zilikuwa jino moja lisilo na alama, na alifu ya kurefusha mara nyingi haikuandikwa. Lakini sehemu ya pili si kweli, na neno lilelile lililowagombanisha ndilo linaloonyesha hivyo.

Chukua msahafu ufungue mahali patatu. Katika Fatiha neno hilo limeandikwa mim, lam, kaf, bila alifu. Katika Aali Imran aya ya 26, "Maalika l-mulki", limeandikwa mim, lam, kaf, bila alifu. Ile alifu ndogo unayoiona juu ya mstari iliongezwa baadaye na watia irabu. Katika sura ya An-Nas, "Maliki n-nasi", ni mim, lam, kaf vilevile. Mifupa ni ileile mara tatu. Ingekuwa visomo vilizaliwa na maandishi, tungewakuta wasomaji wametofautiana mahali pote patatu. Hawakutofautiana. Katika Aali Imran wote wanarefusha. Katika An-Nas wote wanafupisha, hata Asim mwenyewe. Ni kwenye Fatiha peke yake ndipo walipogawanyika. Herufi ziliruhusu namna mbili kila mahali, ila wao walisoma namna waliyoisikia kwa walimu wao, na mahali walipofundishwa namna moja hawakuongeza ya pili.

Ndiyo maana wenyewe husema kwamba kisomo ni suna inayofuatwa, wa baadaye huipokea kwa wa mwanzo. Sauti ilitangulia, maandishi yakafuata kuilinda.

Na tofauti zenyewe zilikuwapo tangu enzi ya Mtume (s.a.w.), kabla msahafu haujakusanywa. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Sayyidna Umar kumsikia Hisham bin Hakim akisoma Al-Furqan katika sala kwa namna ambayo yeye hakufundishwa. Umar alimvumilia mpaka akatoa salamu, kisha akamkamata kwa shuka lake akamburuta hadi kwa Mtume. Mtume akaamuru Hisham aachiwe, akamsikiliza, akasema: hivi ndivyo ilivyoteremshwa. Akamwambia Umar naye asome, akasema vilevile: hivi ndivyo ilivyoteremshwa, Kurani hii imeteremshwa kwa herufi saba, basi someni iliyo nyepesi kwenu. Wazee wenu, kwa hiyo, wamemfuata Umar bila kujua, ila yeye alingoja mpaka salamu.

Hapa naomba tusichanganye mambo mawili. Hizo "herufi saba" za hadithi si visomo saba vya Nafii, Asim na wenzao. Visomo saba vilichaguliwa na Ibn Mujahid huko Baghdad, aliyefariki mwaka 324 Hijria (936), miaka mia tatu na zaidi baada ya Mtume. Yeye aliona riwaya zimekuwa nyingi mno, akachagua wasomaji saba kutoka miji mitano ambayo, kwa kauli iliyo mashuhuri, Sayyidna Uthman aliipa misahafu: Madina, Makka, Basra, Sham, na Kufa ambako alichukua watatu. Wapo wanazuoni waliomlaumu kwa kusimama kwenye saba, kwa sababu walijua watu wa kawaida wataona ni saba zilezile za hadithi. Na kweli wakaona hivyo, hadi leo. Baadaye Ibn al-Jazari, aliyefariki 833 Hijria (1429), aliimarisha watatu wengine, Abu Jaafar, Yaakub na Khalaf, wakawa kumi.

Sayyidna Uthman alipopeleka misahafu mijini, pamoja na kila msahafu alikuwapo mwalimu wa kuusomesha. Tuutazame mji mmoja tu, Kufa, kwa sababu ndiko kilikotoka kisomo chetu. Mwalimu wa Kufa alikuwa Abu Abdurrahman As-Sulami, tabii aliyesoma kwa Uthman, Ali na wengineo. Ndiye aliyepokea kutoka kwa Uthman ile hadithi tunayoifundisha watoto chuoni, "Mbora wenu ni aliyejifunza Kurani na akaifundisha", na akasema kwamba hadithi hiyo ndiyo iliyomkalisha pale alipokaa. Alikaa kweli, akisomesha kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Asim bin Abi n-Najud, aliyefariki 127 Hijria (745). Asim alisoma pia kwa Zirri bin Hubaishi, mwanafunzi wa Abdullah bin Masud. Kwa hiyo Asim alikuwa na mikondo miwili, wa Ali kupitia As-Sulami, na wa Ibn Masud kupitia Zirri.

Asim alikuwa na wanafunzi wawili walioshika kisomo chake. Mmoja ni Hafs bin Sulaiman, mtoto wa mkewe, aliyekulia nyumbani mwake. Wa pili ni Shuuba bin Ayyash, wa Kufa vilevile. Hafs akagundua kwamba Shuuba anasoma maneno kadhaa tofauti na yeye ilhali mwalimu ni mmoja. Akamuuliza Asim. Asim akamjibu kwamba wewe nimekusomesha nilivyosomeshwa na As-Sulami kutoka kwa Ali, na yeye nimemsomesha nilivyosoma kwa Zirri kutoka kwa Ibn Masud. Hakuwachanganyia. Kila mmoja alipewa mkondo wake mzima, ufike kama ulivyotoka.

Namna ya kupokea yenyewe ukiiona kwa macho utaelewa kwa nini ilidumu. Mwanafunzi anakaa magoti kwa magoti na mwalimu, msahafu umefungwa, anasoma kwa moyo tangu Fatiha mpaka An-Nas. Mwalimu hafundishi kwa maelezo, anasikiliza. Mimi nilikuwa nimehifadhi kwa Hafs tangu mtoto, kisha nikaanza upya kwa Shuuba. Tulipofika Al-Maida aya ya sita, ulimi wangu ukaenda na mazoea: "wa arjulakum". Mwalimu alikuwa na penseli mkononi, akanigonga nayo gotini mara moja. Nikarudi nyuma, nikasema tena "wa arjulakum". Akagonga tena. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka, nikasoma "wa arjulikum". Hakuniruhusu kuendelea. Akaniuliza: nani wanasoma nawe hivyo? Ikanibidi niwataje, Ibn Kathir, Abu Amri na Hamza. Na nani wanasoma kwa fatha? Nafii, Ibn Amir, Al-Kisai na Hafs. Ndipo akasema endelea. Kwa irabu moja tulitumia dakika kama tano, na siku ile tulisoma robo ya juzuu badala ya nusu. Ijaza, yaani idhini ya kusomesha, haipatikani mpaka msahafu mzima upite kwenye sikio la mtu kwa namna hiyo, na ndani yake huandikwa majina ya walimu mmoja baada ya mmoja kurudi mpaka kwa Mtume.

Nimeitaja aya hiyo kwa makusudi, maana ndiyo itakayojibu swali lako la kama visomo vinagusa hukumu.

Tofauti nyingi sana hazigusi maana hata kidogo. Warsh, mpokezi wa Nafii wa Madina, atasema "yuminuna" bila hamza pale tunaposema "yu'minuna". Ad-Duri atainamisha "an-nasi" ielekee "an-nesi" neno likiwa na kasra mwishoni. Ibn Kathir atarefusha "alaihimuu". Haya huitwa misingi, ni kanuni za matamshi zinazojirudia msahafu mzima. Kundi la pili ni maneno mojamoja yaliyotawanyika katika sura, na humo ndimo maana inapoguswa: pengine inapanuka, pengine inaongezewa sharti. "Maliki" ni Mfalme, "Maaliki" ni Mwenye kumiliki. Tafsiri zetu nyingi za Kiswahili zimechukua ya pili kwa sababu zinafuata Hafs. Siku ya malipo Mwenyezi Mungu ni vyote viwili, na hakuna hukumu inayobadilika.

Katika aya ya udhu ipo inayobadilika, au angalau inayojadiliwa. Aya inaamrisha kwa vitenzi viwili. Kwanza "faghsilu", osheni, na vinavyooshwa ni nyuso na mikono hadi viwikoni. Kisha "wamsahu", pakeni, na kinachopakwa ni vichwa. Halafu ndipo inapotaja miguu, "ila l-kaabaini", hadi vifundoni. Kiarabu kinakutambulisha neno limeungana na lipi kwa irabu yake ya mwisho. Ukisoma "arjulakum" kwa fatha, miguu inaungana na nyuso na mikono, vyote vikiwa vyenye kuoshwa. Ukisoma "arjulikum" kwa kasra, miguu inaungana na "biruusikum", vichwa, na inaonekana kama nayo inapakwa. Irabu moja, na nyuma yake iko tofauti kati ya Masuni, wanaoosha miguu, na Mashia Imamiya, wanaoipaka.

Mtu mwepesi atasema: basi Masuni wamechukua fatha na Mashia wamechukua kasra. Sivyo, na hapa nataka uende nami polepole. Ibn Kathir, Abu Amri na Hamza, wote waliosoma kwa kasra, ni nguzo za kisomo kwa Masuni. Na Hafs, anayesoma kwa fatha, ndiye anayesomwa Iran leo. Kila upande unavikubali visomo vyote viwili na kuvieleza. Imamiya husema fatha haiwadhuru, kwa sababu "vichwa" japo vina kasra ya herufi "bi", kwa nafasi yake ni kitendwa cha "pakeni", na Kiarabu kinaruhusu neno liunganishwe na nafasi hiyo na kupewa fatha. Kisarufi wana hoja.

Nao wanazuoni wa Kisuni wakaieleza kasra kwa njia kadhaa. Baadhi walisema ni kasra ya ujirani, yaani neno limefuata sauti ya jirani yake bila kufuata maana yake. Waarabu wanayo hiyo, lakini wanasarufi wengi hawaipendi ikiwa kati ya maneno mawili yapo maungio ya "wa", na mimi nawaunga mkono. Sioni haja ya kuitegemea. Az-Zamakhshari alisema miguu imewekwa karibu na kupaka ili watu wasifuje maji, kwa kuwa miguu ndiyo humwagiwa maji mengi, kisha yakatajwa mafundo mawili kuonyesha kwamba muradi bado ni kuosha, maana kupaka hakukuwekewa mpaka. At-Tabari alikwenda njia yake: aliipenda zaidi kasra, akasema muradi ni kuosha miguu yote pamoja na kupitisha mkono juu yake, visomo viwili vikakutana katika tendo moja.

Njia ninayoiona ina nguvu zaidi ni ya wale waliosema visomo viwili ni hali mbili. Fatha ni ya miguu mitupu, inaoshwa. Kasra ni ya miguu iliyovaa khufu, vile viatu vya ngozi vinavyofunika mpaka kifundo, inapakwa juu. Kupaka juu ya khufu kumethibiti kwa hadithi nyingi mno. Aya moja ikabeba hukumu mbili bila kuongezwa neno, kwa irabu tu.

Lakini kumbuka kilichokata shauri si irabu. Visomo vilifungua mlango wa maana mbili, na tendo la Mtume likaonyesha tuingie vipi. Abdullah bin Amri amesimulia kwamba walikuwa safarini, wakati wa sala ukawabana, wakawa wanatawadha na kuipaka miguu yao. Mtume akawafikia, akanadi kwa sauti ya juu, mara mbili au tatu: ole wa visigino na Moto. Imamu Shafii katika fikihi yake aliandika kwamba sisi tunaisoma "arjulakum", kwa maana ya osheni. Na At-Tabari amenukuu kwamba Hasan na Husein walisoma kwa kasra, Sayyidna Ali akawasikia akasema "wa arjulakum". Aliyesimulia hilo ni As-Sulami yuleyule, mwalimu wa Asim, na huo ndio mkondo aliopewa Hafs. Nilipounganisha habari hizi mbili kwa mara ya kwanza, nikiwa tayari nimesomesha miaka, nilifunga kitabu nikakaa kimya kitambo. Fatha ninayoisoma kila siku nilijua imepita kwa nani.

Mfano mwingine, kwa ufupi, ambao visomo havishindani kabisa. Al-Baqara aya ya 222 inakataza kuwakaribia wake zenu katika hedhi "hatta yathurna", mpaka watoharike, kwa maana ya damu kukatika. Shuuba, Hamza na Al-Kisai wanasoma "hatta yattahharna", mpaka wajitoharishe, yaani waoge. Wanazuoni walio wengi, Mashafii wakiwemo, wakasema masharti ni mawili, damu ikatike na mke aoge. Hanafi wakaona ikiwa damu imekatika baada ya siku kumi kamili, muda wa mwisho wa hedhi kwao, inaruhusiwa kabla ya kuoga, wakaibeba "yattahharna" kwa aliyekatikiwa kabla ya hapo. Wote wamevichukua visomo viwili kama aya mbili zinazosemeshana. Fakihi anayejua kimoja tu anakuwa amesikiliza shahidi mmoja, wa pili akamwacha nje.

Utauliza mpaka uko wapi, maana si kila kilichopokewa kilikubaliwa. Baghdad ya Ibn Mujahid ilikuwa na kesi mbili zilizofuatana zinazoonyesha mpaka huo vizuri kuliko maelezo yoyote. Mwaka 322 Hijria aliitwa msomi wa sarufi aitwaye Ibn Miksam. Yeye alidai kwamba usomaji wowote unaokubaliana na mifupa ya msahafu na Kiarabu sahihi unafaa, hata kama hakuna mwalimu aliyeupokea. Katika sura ya Yusuf, pale ndugu zake walipokaa kando "najiyyan", wakinong'onezana, yeye alisoma "nujaba", wakiwa waungwana. Mifupa ya herufi ni ileile, unahamisha nukta tu. Alilazimishwa kutubu. Mwaka uliofuata, 323, akaletwa mbele ya waziri Ibn Mukla mtu wa aina tofauti kabisa, Ibn Shanabudh, mwanachuoni mkubwa wa visomo. Huyu alikuwa na riwaya, lakini alisoma katika sala maneno yasiyolingana na msahafu wa Uthman. Mfano katika sura ya Al-Jumua, badala ya "fasau", alisoma "famdhu", nendeni. Akachapwa viboko, akaandikishwa toba.

Wa kwanza alikuwa na maandishi bila mwalimu, wa pili alikuwa na riwaya bila maandishi. Viboko vinaniumiza kila ninaposoma habari ile, kwa kuwa Ibn Shanabudh alikuwa mtu wa ibada na elimu. Ila kanuni iliyobaki ni hiyo: kisomo kiwe na mapokezi sahihi, kilingane na mwandiko wa Uthman hata kwa uwezekano, na kiwe na njia katika Kiarabu. Kikikosa kimoja hakisomwi katika sala. Hata hivyo hakitupwi kila mara. Kwa kafara ya kiapo, Ibn Masud alisoma kufunga siku tatu "mutatabiati", mfululizo. Neno hilo halimo katika msahafu, hakuna anayelisalia, lakini Hanafi wamelitumia kuwajibisha mfululizo. Kwetu Mashafii kauli yenye nguvu ni kwamba mfululizo si wajibu, unaweza kuzitenganisha siku zako tatu.

Sasa turudi msikitini kwenu. Kosa ambalo lingestahili kusahihishwa ni kuchanganya visomo ndani ya jumla moja mpaka maana ikaharibika. Al-Baqara aya ya 37 sisi tunasoma "fatalakka Adamu min rabbihi kalimatin", Adam akapokea maneno kwa Mola wake. Ibn Kathir anasoma "Adama ... kalimatun", maneno yakamfikia Adam. Zote sahihi. Lakini kijana aliyesikia kanda mbili akasema "Adamu ... kalimatun", ametoa jumla yenye watendaji wawili na isiyo na mtendwa, hakuna aliyeisoma hivyo. Siku hizi jambo hili nalisikia mara kwa mara kwa vijana wanaojifunza visomo kwa simu bila kukaa mbele ya mtu. An-Nawawi alishauri mtu akianza kwa kisomo cha msomaji mmoja abaki nacho maadamu maneno yanaungana, na mimi kwa imamu wa jamaa hulisisitiza hilo zaidi. Ukitaka kujua msahafu wako ni wa riwaya gani, fungua kurasa za mwisho, utaona imeandikwa. Usishangae msahafu wa Warsh ukikuta "Maliki yaumi d-dini" ni aya ya tatu, si ya nne, kwani hesabu ya watu wa Madina haihesabu Bismillahi kuwa aya ya Fatiha. Hapo maneno yote yapo, kilichohama ni namba. Na wewe kama Mshafii endelea kuisoma Bismillahi kama ulivyofundishwa.

Imamu anayesoma kisomo kisichojulikana na maamuma wake ni bora awaambie kabla ya kukimu. Mgeni wenu nadhani hakujua kwamba Tanga hatukizoei, kama ninyi msivyojua kwamba kwao "Maaliki" ndiyo ngeni. Kama bado yupo, mwalikeni baada ya Isha, wazee wale wawili wakae mbele, mumwombe asome Al-Maida tangu mwanzo. Akifika aya ya sita mtamsikia akisema "wa arjulikum" kwa kasra, kama alivyosoma Abu Amri. Kisha wakati wa Alfajiri mtazameni kwenye birika: ataiosha miguu yake mpaka vifundoni, kama mnavyoosha ninyi.